Viwanja vya Kigamboni vilivyotua baharini Norwe

Ukifungua shapefile ya viwanja vya Kigamboni juu ya ramani ya OpenStreetMap ndani ya programu ya ramani ya QGIS, ukabofya `Zoom to Layer`, ukajikuta katikati ya bahari magharibi ya Norwe, usiilaumu kompyuta wala usimpigie simu mpimaji kumwambia kazi yake mbovu. Koodineti zake huenda ziko sawasawa kabisa. Kilichokosekana ni faili dogo la maandishi, na mara nyingi lilipotea siku mtu alipokutumia kazi kwa WhatsApp akachagua `viwanja.shp`, `viwanja.shx` na `viwanja.dbf`, akaliacha hilo.

Shapefile si faili moja, ingawa jina linadanganya. Ndani ya `.shp` kuna maumbo, ndani ya `.dbf` kuna jedwali la taarifa, `.shx` ni faharasa inayoonyesha kila umbo linaanzia wapi ndani ya `.shp`, na `.prj` ndiyo inayosema namba zile zimepimwa kwa mfumo gani. Ukikosa `.dbf` au `.shx` utagundua mapema, maana taarifa hazitakuwepo au faili litagoma. Ukikosa `.prj`, tabaka linafunguka vizuri tu na mistari yake yote. QGIS itaweka alama ndogo ya kuulizia pembeni mwa jina la tabaka, na watu wengi hawaitazami.

Kwa nini Norwe? Mfano ninaoufanyia kazi hapa una mipaka hii, nayo ndiyo kitu cha kwanza cha kuangalia. Bofya tabaka mara mbili, nenda `Information`, tafuta `Extent`:

```
532410, 9241980 : 534120, 9243650
```

Namba ya kwanza inasema tuko mita 532,410 kwa hesabu ya mashariki, ya pili mita 9,241,980 kwa hesabu ya kaskazini. Mtu aliyezoea UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, anazitambua hapohapo: upande wa kusini wa ikweta, hesabu ya kaskazini huanzia milioni 10 kwenye ikweta na kupungua kadiri unavyokwenda kusini. Kwa hiyo 9,242,000 ni kama kilomita 758 kusini mwa ikweta, yaani usawa wa Dar es Salaam. Lakini QGIS haikuambiwa hayo. Tabaka lisilo na mfumo inalichora kwa namba zake zilivyo, kana kwamba ni za mfumo wa mradi wenyewe, na ramani ya OpenStreetMap huuweka mradi kwenye `EPSG:3857`, mfumo wa ramani za mtandaoni. Katika mfumo huo, mita 532,000 mashariki na milioni 9.24 kaskazini ni takribani nyuzi 4.8 mashariki na 63.6 kaskazini. Hapo ni baharini, nje ya pwani ya Norwe.

Ndiyo maana yule aliyekutumia anakuapia kwamba kwake linafungua bila shida. Hasemi uongo. Mradi wake umewekwa kwenye UTM ya kanda ya 37 kusini tangu zamani, basi namba zisizo na jina zikaangukia karibu na kwao kwa bahati. Alama ya kuulizia iko hata kwake.

Sasa nije kwenye ninalotaka kubishana nalo. Watu wakiona Norwe wanahangaika, na wakishalirudisha tabaka Kigamboni wanashusha pumzi. Mimi naona Norwe ndiyo kosa jema kuliko yote, kwa sababu hakuna atakayekabidhi ramani ya Norwe kwa mteja wa Kigamboni. Kosa la kuogopwa ni la mita 300, na mara nyingi anayelileta ni yule anayejaribu kurekebisha.

Inakuwa hivi. Mtu anabofya tabaka kwa kitufe cha kulia, anachagua `Layer CRS`, kisha `Set Layer CRS...`, anaandika UTM 37S, na orodha inamletea mifumo zaidi ya mmoja. Jina la WGS 84 amelizoea, maana liko kwenye simu yake na kwenye kifaa chake cha GPS, basi anachagua `EPSG:32737`. Tabaka linaruka kutoka Norwe hadi Kigamboni, alama ya kuulizia inatoweka, na anafunga kazi. Lakini ramani nyingi za upimaji za Tanzania, zikiwemo zile za topografia za kipimo cha 1:50,000, zilijengwa juu ya datamu, yaani msingi wa vipimo, ya Arc 1960, ambayo kwa kanda hiyohiyo ni `EPSG:21037`. Namba za mifumo hii miwili zinafanana sana, na kwa kuzisoma tu huwezi kujua ni ya upi. Ila nukta ileile ya ardhini, kwa Dar es Salaam, inatofautiana takribani mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 95 mashariki-magharibi. Data ya Arc 1960 uliyoibatiza WGS 84 itakaa kaskazini zaidi, na magharibi kidogo, ya mahali pake halisi. Ukiitazama ramani ya wilaya nzima huoni kitu, lakini kwenye ramani ya mtaa, kiwanja cha mtu kimehamia juu ya nyumba za mtaa mwingine.

Namna ya kulibaini ni kusogea karibu. Weka picha ya setilaiti chini ya viwanja, tafuta kitu kisichobishaniwa, mfano njia panda ya barabara kubwa ambayo mpangaji aliichora. Chukua zana ya kupimia umbali, pima kutoka njia panda ya kwenye viwanja hadi ile ya kwenye picha. Katika mfano wetu, ukiwa umechagua `EPSG:32737`, mstari wa kupimia unasoma mita mia tatu na kitu na unaelekea kusini, ukiegemea mashariki kidogo. Nenda kona nyingine ya eneo, pima tena. Ukipata umbali uleule na mwelekeo uleule, huo ni mhuri wa datamu. Badilisha tabaka liwe `EPSG:21037` na viwanja vitakaa barabarani mwake. Kama umbali unabadilika kutoka kona hadi kona, au eneo limezunguka kidogo, basi tatizo ni jingine, pengine ramani ya karatasi iliyoskaniwa na kufungwa vibaya kwenye koodineti, na hakuna namba ya EPSG itakayoliponya.

Ukikosea kanda utajua bila kupima. Mpaka wa kanda ya 36 na 37 unapita kwenye nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo Dar, Morogoro na Arusha ziko 37, wakati Dodoma, Iringa na Mwanza ziko 36. Viwanja vyetu vikipewa 36 vinatupwa nyuzi sita magharibi, porini, mbali kusini mwa mji wa Tabora. Ukichagua 37N badala ya 37S vinakwenda kukaribia Ncha ya Kaskazini. Makosa kama haya yanajitangaza yenyewe.

Kuna jambo ambalo watu wanalichanganya hata baada ya miaka kazini. Kulitambulisha tabaka ni kazi moja, kulibadilisha ni nyingine. `Set Layer CRS` haigusi namba hata moja, inasema tu namba hizi ni za mfumo fulani. `Reproject layer` inakokotoa namba mpya. Ukipeleka tabaka lisilo na utambulisho moja kwa moja kwenye `Reproject layer` kwa matumaini kwamba litarudi nyumbani, unaiagiza programu itafsiri kutoka lugha isiyojulikana. Tambulisha kwanza, hakiki kwa picha, ndipo ubadilishe, kama kuna haja ya kubadilisha. Na wale wanaochagua viwanja vyote na kuviburuta kwa panya hadi vilingane na picha, hao sina neno nao. Wameharibu koodineti zilizokuwa sahihi, na anayefuata hatajua walisogeza kiasi gani.

Tena `Set Layer CRS` inakumbukwa ndani ya mradi huo tu. Folda bado haina `.prj`, na kesho mwenzako atakwenda Norwe kama wewe. Dawa ya kudumu iko kwenye `Processing Toolbox`, inaitwa `Define Shapefile projection`. Hii inaandika `.prj` pembeni mwa faili lenyewe, na kama ipo inaandika juu yake, kwa hiyo uwe umeshahakiki kabla ya kuibonyeza. Baada ya hapo fungua `viwanja.prj` kwa programu yoyote ya maandishi uone ndani yake imetajwa Arc 1960 na kanda ya 37S. Wanaopenda mstari wa amri wanapata nakala mpya yenye utambulisho hivi:

```
ogr2ogr -a_srs EPSG:21037 viwanja_sahihi.shp viwanja.shp
```

Hiyo `-a_srs` inatambulisha. Ukiandika `-t_srs` umeomba kubadilisha.

Ukilipeleka tabaka la Arc 1960 kwenye mradi wa WGS 84, QGIS inaweza kukufungulia dirisha la kuchagua njia ya kubadilisha datamu, kila moja ikiwa na eneo lake na usahihi wake kwa mita. Ipo ya Kenya, ipo ya Tanzania, ipo ya wastani wa zote mbili. Kwa Kigamboni chagua ya Tanzania. Njia hizi ni za kusogeza nukta kwa vigezo vitatu tu, na mabaki ya mita kadhaa ni ya kawaida. Zinatosha kwa ramani ya mipango miji. Kwa kugombea mpaka wa kiwanja na jirani hazitoshi, huko unahitaji bikoni na mpimaji.

Mpangilio mmoja wa QGIS ningeushauri kila ofisi iubadilishe leo. Nenda `Settings`, `Options`, kwenye sehemu ya CRS, utafute inafanya nini tabaka lisilo na mfumo linapofunguliwa. Usiiruhusu itumie mfumo wa mradi au mfumo wa kawaida, kwa sababu hapo inabatiza kimyakimya na alama ya kuulizia huioni tena. Weka `Prompt for CRS`, ikuulize kila mara.

Na likija faili lenye `.prj` yake kamili, bado pima njia panda. Nyingi ya hizo `.prj` ziliandikwa na mtu aliyechagua jina alilolizoea, na juu ya faili la namna hiyo QGIS haikuwekei alama yoyote. Muulize mpimaji swali moja tu: koodineti hizi zilifungwa kwenye bikoni za Arc 1960, au zilitoka kwenye GPS?