Fuvu la Mkwawa, na deni linalotuhusu sisi pia

Kijana wa Kijerumani anayetembelea Kalenga, Iringa, lilipo fuvu la Mkwawa, leo hajaua mtu. Hatia ya jinai hufa na mkosaji, na hata mahakama zetu huifuta kesi mshtakiwa akifariki. Mirathi ni habari nyingine. Msimamizi huorodhesha mali na madeni ya marehemu, hulipa madeni kwanza, ndipo anagawa kinachobaki. Ikionekana kwamba zizini mwa marehemu mna ng'ombe wa jirani, huyo si urithi, anarudi kwa mwenyewe. Mrithi hakuiba, ila lazima afungue zizi.

Naamini madai ya kihistoria yapimwe hivyo hivyo: ni nini kilichukuliwa, kiko wapi, na nani anakishikilia sasa. Tukianza na swali la damu ya nani ina doa, hatufiki popote.

Chukua fuvu la Mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, Mkwawa. Alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi sita kulikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza. Miezi ikapita, Ujerumani ikidai haijui liliko. Mwaka 1953 Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wakapima upana wa kichwa dhidi ya urefu wake. Moja likatoa asilimia 71, sawa na kipimo cha mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, tena lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililokabidhiwa Kalenga Juni 1954.

Hapo kuna udhaifu usiopaswa kufichwa. Kipimo hicho hakimtambulishi mtu mmoja. Watu wengi wasio na undugu wowote wana asilimia ile ile, na Wahehe wengi walikufa kwa risasi katika vita vile. Anayekagua madai ya namna hii leo huanzia kwenye daftari la mapokezi la makumbusho: namba iliyoandikwa kwenye mfupa, jina la aliyeupeleka, mahali na mwaka. Shida ni kwamba mara nyingi daftari hutaja kambi ya afisa tu, wala halisemi marehemu alikuwa nani. Ndipo vinasaba vinapohitajika. Mwaka 2023 taasisi moja ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu ambao mafuvu yao ilikuwa nayo, familia za Kilimanjaro. Wanasayansi waliofanya kazi ile hawakumkata mtu kichwa. Taasisi yao ndiyo iliyoshika mifupa, na kwa hiyo kazi ni yao.

Njaa ya Majimaji ni ngumu zaidi. Kuanzia 1905 hadi 1907 jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya kusini, na wengi wa waliokufa waliuawa na njaa. Mahindi yaliyoteketea hayako zizini mwa mtu yeyote. Anayebaki kudaiwa ni dola, kwa sababu dola haifi kama babu: Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema mwaka 1973 kwamba dola ile ya zamani haikufutika. Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea mnamo Novemba 1, 2023, na alifanya vema. Lakini mtu akiomba msamaha kwa niaba ya mdaiwa, amekiri kwamba mdaiwa yupo.

Sasa tugeukie huku kwetu. Merere wa Usangu alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Mwaka 1905 Kapteni Nigmann aliondoka Iringa kwenda kupigana Mahenge, kisha Ungoni, akiwa na wapiganaji wa Kihehe upande wake. Wajukuu wa wapiganaji hao wanadaiwa nini na Wangoni? Fidia, naona hapana. Utwa haukusanyi tena kodi wala hauamuru jeshi, na hakuna anayeweza kuonyesha ni zizi gani leo lina uzao wa ng'ombe waliotekwa. Wapo watakaosema utani wa Wahehe na Wangoni umeshamaliza kila kitu. Utani huo unahusishwa na vita vya kabla ya Wajerumani, vita vya watu waliolingana nguvu. Sioni unavyofuta safari ya kufuatana na bunduki za mgeni.

Kinachodaiwa hapo ni ukweli, na huo tunao. Tunaomsimulia mtoto ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 tunamrithisha fahari ambayo hakuitolea jasho. Akiruhusiwa kuipokea hiyo, basi asimuliwe na Ungoni, katika somo lile lile, na wazee wa Iringa waketi na wa Songea kuandika nani alikwenda, alichukua nini na alirudi na nani, wangali hai wale waliosikia kwa babu zao.