Kiti Kilichosimama Pamoja Nami

Nilifundisha hesabu miaka 34, na nilistaafu nikiamini hakuna umbo linaloweza kuniaibisha. Sikuwa nimekutana na kiti cha plastiki kwenye roshani yangu mwenyewe, hapa Umoja.

Mambo yalianzia kwenye magoti. Tunakaa gorofa ya tatu. Kupanda nilikuwa napanda, polepole. Kushuka ndiko kulikonitoa jasho, goti la kulia likilia kama bawaba za mlango wa stoo. Daktari, binti wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho, aliiweka picha ya eksirei kwenye mwanga akanionyesha pengo kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Upande wa nje pengo lilikuwepo. Upande wa ndani, mifupa ilikaribia kusalimiana.

"Gegedu limelika, Mwalimu, na halitarudi kama zamani. Lakini una kilo 108. Hizo tunaweza kuzijadili."

Nikamwambia mimi ni mtu wa mifupa mizito.

"Mifupa yako ndiyo hii naiangalia," akasema. "Ni ya kawaida tu."

Kisha akanipiga kwa silaha yangu mwenyewe, hesabu. Ukipunguza kilo 1 mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila unapokanyaga. Nilipokuwa nangoja matatu nikaipiga: nikipunguza kilo 6, mara 4 ni 24. Hiyo ni bandali nzima ya unga, pakiti 12 za kilo mbili mbili! Kumbe kila hatua ya kwenda dukani nimebeba bandali ambayo hata ugali wake sijala.

Nyumbani, mama watoto akaikamilisha hesabu. Vikombe vitano vya chai kwa siku, vijiko vinne vya sukari kila kikombe. "Vijiko 20, Baba Mwende. Wewe si mwalimu, wewe ni mzinga wa nyuki." Tukakubaliana nishuke hadi vijiko viwili, halafu kimoja. Chapati kutoka nne hadi mbili. Wiki ya kwanza niliitazama sahani kama mtu aliyeibiwa.

Lililobaki lilikuwa zoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kwamba misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishikilia goti, na yangu ililala tangu nistaafu. Dawa yake: keti, egemea mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, simama bila kutumia mikono, kisha rudi chini ukihesabu hadi tatu. Mara kumi, na kiti kiegemee ukuta kisiteleze. Maumivu kidogo si neno. Goti likivimba au likiamka kesho yake na hasira, punguza. Alisema pia kiti kisiwe na mikono. Hilo halikunifikia, nilikuwa nawaza chai.

Asubuhi moja nikakibeba kiti cha plastiki, chenye mikono, hadi roshani. Moja, mbili, tatu, safi. Kwenye ya sita nilishuka kwa uchovu, nikatua kwa kishindo, mikono ya kiti ikapanuka kunipisha, ikajirudi. Nikaegemea mbele, pua ikapita vidole, nikasimama. Kiti nacho kikasimama.

Nikageuka kukitazama, kikageuka nami. Nikajaribu kukisukuma chini, kikashika nyonga kama deni la Sacco. Mama mboga wa pale chini aliinua macho, akaweka sukuma wiki chini, akaita: "Mwalimu, unahama?"

Mama watoto alitoka na chupa ya mafuta ya kupikia. Alinipaka pembeni huku akicheka mpaka akakosa nguvu ya kuvuta. Ilibidi kijana wa jirani aje. Akashika miguu miwili ya kiti, mimi nikashika nguzo ya roshani, tukaachana na kiti kwa mlio ambao mama mboga anaendelea kuuigiza hadi leo.

Tangu siku hiyo natumia kiti cha mbao cha meza ya kulia. Kila Jumamosi napita pale steji kwa kijana mwenye mizani, shilingi 20. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, niliyezoea kumsomea alama zake mbele ya darasa zima, kwa hiyo naye hanong'oni: "Mia moja na sita nukta tano, Mwalimu! Kuna bidii, lakini unaweza kufanya vizuri zaidi!" Kuna wiki mizani haisogei kabisa, na wiki ya ruracio ya mpwa wangu ilipanda.

Juzi, baada ya miezi minne, alitangaza 103. Bado kilo moja nimalize bandali. Kushuka ngazi bado nashika reli, ila sisimami tena kila gorofa nikijifanya natafuta simu. Nilipofika nyumbani nikakitoa kile kiti cha plastiki, nikaketi, nikahesabu tatu, nikasimama.

Kutoka jikoni nikasikia: "Kimebaki chini?"

"Kimebaki."

"Basi ngoja nizime jiko nije nione mwenyewe."