Asilimia 38 ya nini?

Kila serikali inapokwama kupata mapato, huibuka hesabu ileile. Mtu anachukua takwimu inayosema sekta isiyo rasmi ni theluthi au nusu ya uchumi, anaizidisha kwa kiwango cha kodi, kisha anatangaza mabilioni yanayopotea. Muda si mrefu kodi mpya inamfuata mchuuzi na fundi. Hesabu hiyo inaniudhi, kwa kuwa wanaoitumia hawajiulizi takwimu yenyewe ilipatikanaje.

Chukua mfano wa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2017, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikadiria kwamba kati ya 2010 na 2014 uchumi usio rasmi wa ukanda huo ulikuwa wastani wa asilimia 38 ya Pato la Taifa. Mwaka uliofuata, Shirika la Kazi Duniani (ILO) likasema kuwa karibu asilimia 89 ya watu wenye kazi katika ukanda huohuo wamo katika ajira isiyo rasmi, wakulima wakiwemo. Msomaji wa haraka atadhani mmoja kakosea. Ukweli ni kwamba kila shirika lilikuwa likijibu swali lake.

ILO ilihesabu watu. Takwimu yake inatokana na tafiti za kaya: mdadisi anabisha hodi, anauliza nani anafanya kazi gani, kama shughuli yake imesajiliwa, kama ana mkataba, kama mwajiri anamchangia hifadhi ya jamii. Tangu watakwimu wa kazi wa dunia walipokubaliana mwaka 2003, hata mfanyakazi wa kiwanda kilichosajiliwa anahesabiwa kuwa na ajira isiyo rasmi iwapo hana ulinzi huo. Kwa hiyo ndani ya hiyo asilimia 89 wamo mkulima wa kujikimu, mama anayeuza bidhaa barabarani na kibarua wa kampuni kubwa. Ukiwaondoa wakulima, kiwango kinashuka hadi karibu asilimia 77. Hata hivyo mtu anaweza kurudi kwenye dodoso akaona nani kahesabiwa na kwa nini.

Ile asilimia 38 haina dodoso la kurudia. Ilitoka kwenye mbinu ya kitakwimu iitwayo MIMIC, na inafaa kuielewa, maana inazaa takwimu nyingi tunazozisikia. Mtafiti anachukulia kwamba uchumi usio rasmi hauonekani moja kwa moja, ila una vyanzo na una dalili. Vyanzo ni kama uzito wa kodi, ugumu wa kanuni na ukosefu wa ajira. Dalili ni kama wingi wa noti mikononi mwa watu. Kompyuta inatafuta uhusiano kati ya hivyo viwili, halafu inatoa mkondo unaopanda na kushuka mwaka hadi mwaka.

Shida ni kwamba mkondo huo hauna kimo chake wenyewe. Unaweza kukuambia sekta imekua kuliko mwaka jana, lakini haukuambii kama ni asilimia 20 au 50 ya uchumi. Ili upate kimo, lazima uazime kadirio la mwaka fulani kutoka kwenye mbinu nyingine, na mara nyingi huazimwa kutoka kwenye hesabu ya mahitaji ya fedha taslimu. Hesabu hiyo nayo inasema hivi: anayekwepa serikali hulipa kwa noti, basi noti zinazozidi kiasi cha kawaida ndizo kipimo cha shughuli zilizofichwa. Je, asiyekwepa chochote ila hana akaunti ya benki? Na pale watu wanapohamia malipo ya simu, noti zinapungua ilhali muuzaji ni yuleyule, mahali ni palepale na leseni bado hana. Mbinu itasema sekta imepungua. Kwa maoni yangu, takwimu ya namna hii inaweza kusaidia kuona mwelekeo, lakini haifai kabisa kuwa msingi wa makisio ya kodi.

Kuna kosa jingine ndani ya hesabu ya mabilioni yanayopotea. Wengi wanadhani shughuli zisizo rasmi haziko ndani ya Pato la Taifa. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinataka ziwemo, na ofisi za takwimu huzikadiria kutokana na tafiti za kaya na biashara ndogo. Zinachelewa tu kusasisha makadirio. Nigeria ilipohamisha mwaka wake wa msingi, yaani mwaka unaotumiwa kama kigezo cha kupimia uchumi, kutoka 1990 hadi 2010, matokeo yaliyotangazwa Aprili 2014 yalionyesha Pato la Taifa la 2013 ni kubwa kwa asilimia 89 kuliko ilivyodhaniwa. Biashara nyingi zilizokuwa zimeachwa nje au kupimwa kizamani ziliingizwa. Hazina haikupata hata naira moja ya ziada kwa sababu ya tangazo hilo. Kilichobadilika ni kwamba uwiano wa kodi kwa pato ulishuka, na nchi ikaonekana mkusanyaji dhaifu zaidi wa kodi.

Sasa rudi kwenye takwimu zile mbili. Hazipimi kitu kimoja, hivyo kuigawanya moja kwa nyingine ni kukisia tu, lakini picha inaonekana: sehemu kubwa mno ya watu inazalisha sehemu ndogo ya thamani. Kipato cha mmoja mmoja ni kidogo, na wengi wangekuwa chini ya kiwango cha kuanza kutozwa kodi ya mapato hata wangesajiliwa wote kesho asubuhi.

Na wangesajiliwa, wangenufaika? Hapa tuna jaribio zuri kutoka Sri Lanka, lililochapishwa mwaka 2013 na Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff. Waligawa biashara ndogo zisizosajiliwa katika makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja lilielezwa namna ya kujisajili na kuahidiwa kurudishiwa gharama, na idadi ya waliojisajili haikuongezeka. Makundi mengine yakaahidiwa fedha juu yake. Kwa malipo ya kati ya faida ya nusu mwezi na ya mwezi mmoja, karibu moja ya tano walijisajili. Kwa faida ya miezi miwili, nusu yao. Sababu iliyowakwamisha zaidi wengine ilikuwa hati za ardhi au eneo walilofanyia biashara.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Watafiti waliporudi baada ya mwaka mmoja na zaidi, wastani wa faida wa waliosajiliwa ulikuwa umepanda, lakini karibu ongezeko lote lilitoka kwa biashara chache zilizokua kwa kasi. Wengi waliobaki hawakupata mikopo zaidi wala zabuni za serikali. Mtu aliyekataa cheti cha bure hakuwa mjinga wala mhalifu. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri.

Ndiyo maana naona fedha za kukisia ukubwa wa sekta isiyo rasmi kwa kutumia noti zingehamishiwa kwenye utafiti wa hatua mbili, kama uliofanywa Yaoundé mwaka 1993. Kwanza unapita kwenye kaya kutafuta nani ana shughuli isiyo rasmi, kisha unamrudia mwenye shughuli na kumuuliza ananunua wapi malighafi, anamuuzia nani, anabakiwa na nini mwisho wa mwezi, na kama kuna ushuru au ada ambayo tayari anailipa. Swali hilo la mwisho ningeliweka mbele ya waziri yeyote kabla hajaandika kodi mpya.