Bluu ya Simu

Mzee alikuja na simu yake mkononi kama mtu aliyebeba yai. Akaniwekea mezani, akapandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho, akasema, "Kijana, bluu ni hii. Nataka vipeperushi 2,000 vya hivihivi. Ving'ae."

Nikaitazama ile bluu, roho ikaniruka. Ilikuwa ile bluu kali inayowaka kama taa ya gari la polisi. Kwenye kompyuta huandikwa 0, 0, 255, yaani nyekundu hakuna, kijani hakuna, bluu imefunguliwa hadi bomba limeishia. Kila mbunifu anayefanya kazi ya uchapaji anaijua, na kila mmoja ana kovu lake.

Kisa ni hiki. Simu inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga, inarudisha ule inaopigwa. Halafu printa haina wino wa bluu. Ina samawati, ile ya rangi ya anga, majenta, ile ya waridi kali, njano na nyeusi, basi. Bluu unaipata kwa kulaza majenta juu ya samawati, na kila wino unaouongeza unameza mwanga zaidi. Kwa hiyo ile bluu inayowaka haipo ndani ya chupa zile nne, hata uzikamue vipi.

Nikamweleza mzee taratibu, kwa heshima zote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia bosi, ambaye alikuwa ameshatoka ofisini kwake baada ya kusikia neno "2,000."

"Huyu kijana anasema haiwezekani."

"Nani kasema?" bosi akauliza, akiniangalia mimi. "Mzee, hapa kwetu hakuna kisichowezekana. Kaa, uletewe chai."

Nikanong'ona kwamba ipo njia moja: wino maalumu wa bluu, unaochanganywa kabla na kutiwa kwenye mashine kubwa kama rangi ya tano. Bosi akanikata kwa jicho. Bei alishaitaja kwa simu tangu jana, na wino wa tano haukuwa ndani ya bei hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba leo tuko wawili dhidi ya mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Sampuli ya kwanza niliiacha kompyuta ibadilishe rangi yenyewe, ili mzee aone kwa macho yake. Samawati ikaja kama asilimia 88, majenta 77. Wanaojua wanajua: majenta ikiikaribia samawati kiasi hicho, bluu inageuka zambarau. Mzee akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni bilinganya," akasema. "Mimi nauza maji ya kunywa. Siuzi bilinganya."

Bosi akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye niliyeipanda.

Sampuli ya pili nikaifanya kwa akili. Samawati 100, majenta 70, ili pengo kati yao libaki asilimia 30, njano sifuri, nyeusi sifuri. Ikatoka bluu safi, bluu ya kuheshimika, ambayo ningeivaa hata mimi. Mzee akailaza kando ya simu. Mle ndani ya simu jua linawaka, huku nje karatasi imetulia tu kama karatasi.

"Imelala," akasema.

"Iamshe," bosi akaniamuru.

Nikauliza, iamshwe vipi? Bosi akasogea kwenye kompyuta yangu, akabonyeza kitufe cha kuongeza mwangaza wa skrini mara nne, akajiweka sawa na kusema, "Sasa chapa."

Nilichapa. Naapa nilichapa. Sampuli ya tatu ikatoka pacha wa ya pili, maana mwangaza wa skrini hauendi kwenye karatasi, kama vile kuongeza sauti ya redio hakumpi mwimbaji pumzi. Bosi akaitazama kwa muda mrefu. "Hii afadhali," akasema. Mzee akasema bado imelala.

Ya nne nikapunguza majenta hadi 40. Ikang'aa kidogo, lakini ikakimbilia rangi ya anga. "Sare ya watoto wa shule," mzee akatoa hukumu, akanywa chai.

Ndipo bosi akapata wazo, na wazo la bosi halikataliwi. "Tatizo unabana wino. Ongeza wote! Mteja analipa, wewe unabania nini?"

Nikasema wino ukizidi karatasi haiubebi, na rangi badala ya kung'aa inakuwa giza. Akasema fanya. Nikafanya. Samawati 100, majenta 85, njano 60, nyeusi 60, jumla asilimia 305, juu ya karatasi nyepesi ya sampuli. Printa ikatoa sauti kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Karatasi ikatoka imejikunja mawimbi, imelowa, rangi yake usiku wa manane usio na mwezi.

Kabla sijasema "mzee, haijakauka," mzee alishaidaka kwa mkono mzima. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaona haifai. Kisha, kwa kuwa chai ilikuwa ya moto na asubuhi ilikuwa ndefu, akajifuta jasho usoni.

Mstari ukamkaa kuanzia nyusi hadi sikioni, wa vidole vinne vilivyopangana vizuri kabisa.

Nilimwangalia bosi. Bosi aliangalia dari. Nikakohoa. Bosi akakohoa zaidi, kohoo lenye maana ya "ukithubutu." Kwa hiyo tukaendelea na kikao, mteja wetu akiongea kwa msisitizo juu ya usahihi wa rangi, na sisi tukiitikia "ndiyo mzee" huku tumeng'ata mashavu kwa ndani.

"Nipeni ya mwisho," akasema. "Ikishindikana, natafuta kwingine."

Sikuwa na ya mwisho. Sayansi ilikuwa imeishia kwenye sampuli ya pili. Nikaenda nyuma ya printa, nikachapa hesabu ileile ya 100 na 70, sikugusa hata nukta. Nikasubiri ikauke, nikaileta kwa mikono miwili kama kitu kipya kilichotoka jikoni.

Mzee akaiweka kando ya simu. Akanyamaza. Akainama. Akaisogeza simu karibu zaidi, macho yakahama huku na huku.

"Ehee," akasema. "Sasa hapa umefika. Hii ndiyo yenyewe!"

Na mimi nikachungulia. Kweli, zilikuwa zinafanana. Kumbe skrini iliyokaa kwenye mwangaza wa mwisho asubuhi nzima ilikuwa imemaliza betri, na simu ikaamua kujihurumia: kwenye kona kulikuwa na alama nyekundu, mwangaza umeshuka, ile bluu ya polisi imekuwa bluu ya binadamu.

Bosi akanipiga begani. "Unaona? Ulikuwa unaweza siku zote. Hutaki tu."

Mzee akatoa kalamu ili aweke saini nyuma ya sampuli. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia kijana wetu wa mapokezi, mwenye roho nzuri kuliko wote pale ofisini, mkononi ameshika waya.

"Mzee, naona simu inazima. Nikuchajie?"

Sijawahi kuruka meza maishani, wala sijui niliirukaje ile. Ninachokumbuka ni kwamba nilimfikia, nikamkumbatia yeye na waya wake, nikamtoa nje kwa mgongo, huku nyuma yangu nikisikia kalamu ikikwaruza karatasi.