Ari Nyingi, Mahudhurio Machache: Kusema na Mwandishi wa Mavuno Mwaloni

"Tuna kijana anayejitolea kuandika mavuno ya dagaa hapa mwaloni Igombe, Ziwa Victoria. Ari anayo kuliko sisi sote, lakini kati ya siku nane tulizokubaliana kwa mwezi anafika nne. Tukimsema tutampoteza, tukinyamaza daftari linaharibika. Tufanyeje?"

Wanaotaka asisemwe wana hoja. Halipwi. Nauli ya alfajiri anaitoa mfukoni mwake, na mkutano wa wavuvi ukiitishwa yeye ndiye anayezunguka mwalo mzima kuwaita. Katika BMU nyingi, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, watu wa namna hiyo hawazidi wawili au watatu, na akiondoka hakuna anayepanga foleni kuchukua kalamu. Wanaongeza kuwa mtu anayejitolea hatoi ahadi kama mwajiriwa, kwa hiyo kumhesabia siku ni kumgeuza kibarua asiye na ujira.

Hoja hiyo ingeniridhisha kama kazi yenyewe ingekuwa kufagia ufukwe, maana ukifagia siku nne badala ya nane unapata nusu ya usafi. Kuandika mavuno hakuko hivyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na taa huvuta vizuri wakati wa giza, yaani usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikikaribia, mavuno hushuka na wengi hupumzisha mitumbwi. Ndiyo maana siku za kuandika hupangwa zigawanyike, nyingine katikati ya giza, nyingine pembeni mwa mbalamwezi.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Siku nne za giza nene kila mtumbwi unaleta wastani wa ndoo 12, na siku nne za pembeni ndoo 5. Wastani wa siku zote nane ni ndoo 8.5. Kijana akifika siku nne za giza tu, daftari litasema 12. Mwalo wenye mitumbwi 20 inayovua usiku 16 kwa mwezi utaandikiwa ndoo 3,840 badala ya 2,720. Hakuna aliyedanganya, lakini karatasi inaonyesha ziwa limenona kuliko lilivyo. Na siku anazofika mtu mwenye ari mara nyingi ndizo hizohizo za giza, kwa sababu mwalo unachangamka, wanunuzi wamejaa, kuna cha kusimulia. Siku ya mitumbwi sita yenye ndoo tatutatu haina mvuto.

Kwa hiyo niko upande wa kusema, na kusema mapema. Ila kabla ya kumwita, viongozi waitoe ile karatasi ya makubaliano waisome upya. Kama imeandikwa "atafika asubuhi na kuandika mavuno", kosa la kwanza ni lao. Asubuhi ya mwanafunzi siyo asubuhi ya mvuvi. Makubaliano yanayoweza kupimwa husema: tarehe nane zimetajwa, awe mwaloni saa 12 alfajiri, aandike mitumbwi isiyopungua mitano, apime ndoo badala ya kuuliza, fomu imfikie katibu kabla ya saa 4 asubuhi, na akishindwa kufika atoe taarifa kabla ya saa 2 usiku wa kuamkia siku hiyo. Pasipo hayo, utamlaumu kwa jambo lililokuwa kichwani mwako tu.

Zikaguliwe pia fomu alizojaza, kwa sababu kukosa siku ni shida ndogo kuliko kuziba pengo kwa kukumbuka. Dalili huonekana. Ndoo zote zinaishia na sifuri au tano, mitumbwi mitano imeandikwa saa ileile ya kutua, mwandiko umenyooka kama wa mtu aliyekaa mezani, karatasi haina hata tone la maji wala gamba la samaki. Fomu ya kweli ya mwaloni huwa na 7, na 11, na nusu ndoo, na mstari uliofutwa.

Mazungumzo yenyewe yawe ya watu wawili, mbali na mwalo, dakika ishirini hivi. Yasifanyike kwenye mkutano, na kwenye kundi la simu ndiyo kabisa yasifanyike, maana kijana akisemwa mbele ya wazee hujibu kwa kuinamisha kichwa na wiki inayofuata haonekani. Kosa la pili, ambalo viongozi wapole hulifanya zaidi, ni mafumbo. "Unafanya kazi nzuri sana, ila jitahidi kidogo." Neno "jitahidi" halimwambii chochote, kwani yeye anaamini anajitahidi kuliko wote, na ushahidi anao: mikutano aliyoitisha. Anatoka hapo amesifiwa.

Afadhali karatasi mbili ziwekwe mezani, makubaliano na kalenda, kisha apewe kalamu. "Mdogo wangu, hebu weka alama siku ulizofika mwezi huu." Akihesabu mwenyewe hakuna wa kubishana naye. Halafu aonyeshwe ile hesabu ya 8.5 na 12, kwa sababu wengi hawajawahi kuelezwa kwa nini siku mbovu ina thamani sawa na siku nzuri. Baada ya hapo kiongozi anyamaze. Swali moja linatosha: "Zile nne zilikwamia wapi?"

Jibu huamua kinachofuata. Ikiwa anakaa mbali na usafiri wa alfajiri haumfikishi kwa wakati, hilo ni suala la nauli au la kumpa siku hizo mtu wa jirani, na kumkemea hakuongezi daladala. Ikiwa ni usingizi na "niko njiani" inayotumwa kutoka kitandani, basi ni suala la ahadi, na liitwe hivyo. Ikiwa anaona kuandika ndoo kunamchosha na anachopenda ni kusema na watu, majukumu ndiyo yaliyopotoka. Apewe elimu ya nyavu na uitishaji wa mikutano, na daftari apewe mwingine.

Hapo ndipo upande wa kwanza unapopata haki yake: hawezi kushikiliwa kwa siku nane kama nguvu zake ni nne. Lakini nne hizo zichaguliwe kwenye kalenda, mbili za giza na mbili za pembeni, zisiwe nne zinazomjia. Zile nyingine apangiwe mwenzake anayejulikana kwa jina. Wapeane mwezi mmoja wa mwandamo kama majaribio, na waseme sasa hivi kipimo ni nini: siku zote nne, au tatu na taarifa moja iliyofika kabla ya saa 2 usiku. Asipofika na asipotoa taarifa mara mbili, daftari linahama bila kikao kingine na bila ugomvi. Kazi ya mikutano inabaki yake. Waandike hayo yote chini ya makubaliano ya zamani, kila mmoja atie sahihi, nakala moja aende nayo.

Kuna viongozi watakaoona sahihi ni kutomwamini. Mimi naona inamlinda yeye zaidi, kwa sababu mwenyekiti akibadilika, mpya hatakuja na matarajio yake.

Tarehe alizokosa mwezi uliopita ziachwe wazi kwenye daftari, ziandikwe "haikuandikwa" pamoja na hali ya mwezi ya usiku ule. Asiombwe azijaze sasa, hata akijitolea kufanya hivyo, na atajitolea.