Andalio la somo lililofutwafutwa

Potifolio nyingi za walimu nilizoziona zina andalio la somo safi, lililonakiliwa upya kwa mwandiko mzuri, na kwenye nafasi ya tafakuri pameandikwa "somo limeeleweka". Mimi naona karatasi ya namna hiyo haimwambii mthibiti ubora wala mwalimu mwenzangu chochote. Katika potifolio yangu nimeweka andalio la kwanza likiwa na alama zote za kalamu nyekundu, la pili nyuma yake, na katikati kurasa za madaftari zilizonifanya nibadilishe.

Somo lilikuwa Hisabati, Darasa la Tano: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kipindi cha dakika 40. Andalio la kwanza lilifuata njia iliyozoeleka. Dakika tano za kukumbushana kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, dakika kumi na tano za maarifa mapya ubaoni, zoezi la maswali sita, kisha tafakuri na hitimisho. Wanafunzi waliitikia vizuri, na mtu aliyeketi nyuma ya darasa angeondoka ameridhika.

Madaftari yalisema jingine. Kwenye 1/2 + 1/3 kulikuwa na makosa ya aina mbili. Wapo waliojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini wakapata 2/5. Wengine walitafuta KDS vizuri, wakaandika asili mpya 6, lakini kiasi wakakiacha kama kilivyo: 1/6 + 1/6 = 2/6. Hawa wa pili ndio walionishughulisha zaidi, maana hatua niliyoikazia ubaoni walikuwa wameishika. Walichokosa ni kwamba 1/2 ikigeuzwa kuwa na asili 6 lazima ibaki nusu ileile, yaani 3/6. Kuwarudishia KDS kwa sauti kubwa zaidi kusingesaidia.

Ukiyatazama majibu yote mawili, 2/5 na 2/6, ni madogo kuliko nusu tuliyoanza nayo. Umeongeza kitu, umebaki na pungufu. Andalio la pili nililijenga juu ya hilo. Kabla ya kukokotoa lolote, mwanafunzi anaulizwa: jibu litazidi nusu au halitafika? Litafika moja kamili? Ndipo kila dawati linapata mkanda wa manila wa sentimita 12 na kuugawa kwa penseli. Nusu ni sentimita 6, theluthi ni sentimita 4, jumla 10 kati ya 12. Sehemu iliyobaki wazi ni sentimita 2, sawa na 1/6, kwa hiyo jibu ni 5/6. KDS inakuja baada ya hapo, kama njia ya kufika palepale bila mkasi wala rula.

Nilichagua 12 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Kwa 2/5 + 1/10 mkanda huo unasumbua, sehemu moja ya tano inakuwa sentimita 2.4, hapo tumia wa sentimita 10. Na rula zenyewe zina mambo yake: nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri, na mtoto akianzia ukingoni theluthi zake hazilingani. Andalio sasa linasema nusu ipatikane kwa kukunja, theluthi kwa kupima kuanzia sifuri.

Muda nao ulidai chake. Marudio ya KDS yalihamia kipindi kilichotangulia, na zoezi likapungua kutoka maswali sita hadi matatu. Naambiwa maswali matatu ni machache. Moja kati yake ni hili: "Mwenzako amepata 2/5. Bila kukokotoa, eleza kwa nini haiwezekani." Maelezo ya mistari miwili hapo yananionesha mengi kuliko majumlisho sita yaliyonakiliwa kwa jirani.

Makadirio hayo ya kabla ya kukokotoa yana mpaka wake, na nimeuandika pembeni mwa andalio. Kosa la kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini yanalinasa kila mara, kwa kuwa jibu la namna hiyo haliwezi kuizidi sehemu kubwa kati ya zile mbili. Kosa la kuacha kiasi linaweza kupenya. Chukua 3/8 + 1/4: mwanafunzi anaandika 3/8 + 1/8 = 4/8. Jibu limezidi sehemu zote mbili, halijafika moja, linaonekana zuri kabisa, lakini si sahihi. Mkanda wa sentimita 8 ndio unaoliumbua: 3/8 ni sentimita 3, robo ni sentimita 2, jumla 5, kwa hiyo 5/8. Swali hilo ndilo la tatu kwenye zoezi, na mikanda ya sentimita 8 haikusanywi mpaka liishe.