Kundi la Dagaa Halina Nahodha

Wiki iliyopita, nikiwa gatini Mkoani nikisubiri boti ya kwenda Unguja, nilikaa karibu nusu saa nikiwatazama dagaa waliojikusanya kwenye kivuli cha gati. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi kando yangu aliniambia, "Mwanangu, hao wana nahodha wao. Wewe humuoni, lakini wenyewe wanamjua." Nilinyamaza kwa heshima, kwa kuwa mzee yule anawajua samaki kuliko mimi, ila kwa hilo la nahodha sikubaliani naye, na ushahidi ulikuwa chini ya miguu yetu. Kolekole watatu walipotokea upande wa kina kirefu, kundi zima liligeuka mara moja, na wale waliokuwa mbele wakajikuta ubavuni, huku waliokuwa ubavuni wakawa ndio mbele. Nahodha gani huyo anayeachia usukani kila chombo kinapopinda?

Ninavyoelewa mimi, kila samaki anashughulika na wenziwe wachache tu walio karibu naye. Akimkaribia mno jirani anajitenga kidogo, akiona anaachwa anafukuzia, na asipokuwa na tatizo lolote kati ya hayo mawili anaelekea wanakoelekea wenziwe. Aliyemwona kolekole anapinda, jirani yake anapinda kwa kumuiga kabla hajamwona adui mwenyewe, na mgeuko huo unapita kundini kama wimbi, kwa kasi kuliko adui anavyokuja. Jambo hili halihitaji amri ya mtu. Linahitaji macho, pamoja na vile vitundu vidogo vinavyohisi msukumo wa maji, ambavyo samaki wengi wanavyo kwa mstari ubavuni na dagaa wanavyo zaidi kichwani. Mwaka 1976 watafiti Pitcher, Partridge na Wardle walieleza jinsi walivyowafunika macho samaki kadhaa wa bahari ya kaskazini na kuwatia kwenye kundi la wenzao wanaoona, na samaki wale wasioona wakaendelea kuogelea na kundi, mradi mstari wao wa ubavuni ulikuwa mzima.

Ama kuhusu adui, yako maelezo yanayopendwa sana kwamba humdhania kundi kuwa ni samaki mmoja mkubwa akaogopa. Sidhani kama yanatosha, maana kolekole wa Mkoani hawakukimbia hata kidogo. Waliingia katikati, wakafungua midomo, wakatoka bila kitu. Sababu ni kwamba mwindaji hawezi kulikamata kundi. Lazima amchague dagaa mmoja, amkazie macho na kukisia atakuwa wapi mdomo utakapofika. Kabla hajafika, mwingine wa kimo kilekile na mng'ao uleule anakatiza mbele, jicho linahama, na shabaha inapotea.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote ni la Landeau na Terborgh, lililochapishwa mwaka 1986. Walitumia samaki mlaji wa maji baridi wa Amerika na visamaki vyenye rangi ya fedha. Kisamaki kilichokuwa peke yake kilikamatwa upesi, lakini kadiri kundi lilivyokua ndivyo mlaji alivyozidi kutatizika, na walipofika wanane karibu alishindwa kabisa. Kisha watafiti wakampaka mmoja au wawili kati ya wale wanane rangi ya buluu, na mlaji akaanza tena kupata chakula. La ajabu ni kwamba hakuwakamata wa buluu peke yao, bali hata wale wa kawaida walianza kuliwa zaidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri yenyewe: wingi tu hautoshi, lazima wafanane hadi jicho likose pa kushika.

Kinga hiyo inafaa tu kwa adui anayechagua mmoja mmoja. Wavuvi wetu wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakawasha taa mpaka dagaa wakusanyike chini yake, kisha wakazungusha wavu. Wavu hauna jicho la kuchanganyikiwa, na kule kubanana kunakomtatiza kolekole ndiko kunakoufanya wavu ujae.

Kolekole nao si wajinga. Waliporudi mara ya tatu hawakulenga katikati, bali walilipasua kundi kwa mwendo wa kasi, na dagaa kama sita hivi wakabaki peke yao kwenye nguzo ya gati, wakizunguka bila mpangilio. Hapo midomo ilifunga na kitu ndani. Mzee alikuwa ameshauvuta mshipi wake kimya kimya, akautupa upya, si kwenye lile wingu la dagaa, bali kwenye nguzo ileile, na boti yangu ilipopiga honi alikuwa anashindana na kolekole wa kilo mbili hivi.